Usaili Dodoma: kuhama, usiku na safari, nijibu vipi kati ya haya matatu?

BintiUluguru

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Alhamisi nina usaili wa kazi ya mteknolojia maabara kwenye hospitali binafsi Dodoma. Kwa sasa naishi na kufanya kazi Morogoro, nina mtoto wa darasa la pili, na mama yangu yuko kwangu. Dada aliyenipigia simu alinidokeza kwamba wataniuliza mambo matatu: kuhamia Dodoma, zamu za usiku, na safari za kukagua mashine kwenye vituo vyao vya Kondoa na Singida.

Kazi hii naitaka kweli. Kuhama naweza, ila mtoto anafunga shule Desemba na sitaki kumtoa katikati ya muhula. Usiku nimeufanya miaka miwili na naujua. Safari sina shida nazo nikiambiwa mapema.

Nimeandika majibu matatu na nimekwama kuchagua:

La kwanza: "Niko tayari kufanya kazi popote na wakati wowote."

La pili: "Kuhama ni mpaka Januari, usiku mara chache tu, na safari nijulishwe wiki moja kabla."

La tatu: "Kwa ujumla niko tayari, inategemea na mazingira."

Lipi lina nafuu?

KijanaWaMsamvu

La kwanza, dada, bila kufikiri mara mbili. Mlango ukifunguka unaingia kwanza, mengine mtaongea ukishasaini. Ukianza kutaja Januari, yupo mwenzako nje kwenye benchi atakayesema anaanza kesho. Na usiku usiuogope, kisheria unalipwa mara moja na nusu, hiyo ni hela nzuri.

Fundi_Minara

Mimi nilitoa hilo jibu la kwanza, neno kwa neno. Kazi ilikuwa ya matengenezo ya minara ya simu. Nikasema popote. Nikapangiwa Mpanda, wiki tatu kila mwezi, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha usaili na sikusema.

Mwezi wa kwanza nilienda. Wa pili nikaomba ruhusa mara mbili. Wa tatu msimamizi akanionyesha maelezo yangu ya usaili, yameandikwa "hana kizuizi cha safari". Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, wakaishia hapo. Sikuwa na la kujitetea, kwa sababu maneno yalikuwa yangu. Kwa hiyo hilo la kusema mtaongea ukishasaini, mimi siliungi mkono.

MezaYaUsaili

BintiUluguru, nimekaa upande wa pili wa meza miaka kumi na moja, sehemu kubwa kwenye hospitali, kwa hiyo nitakwambia tunachokisikia.

Jibu la kwanza tunalisikia kutoka kwa kila mtu, ndiyo maana halitusaidii. Anayesema "popote" huwa namwuliza swali moja tu: "Jumatatu tukikupeleka Singida siku nne, nyumbani anabaki nani?" Wengi hunyamaza hapo. Kimya hicho kinaniambia hajawaza, na mtu asiyewaza ndiye anayenipigia saa moja usiku kwamba haji zamu.

La pili lina ukweli wote, ila umeanza na kuta. Kila sentensi inasema usichoweza. Na la tatu ndilo baya kuliko yote. "Inategemea" bila kusema inategemea nini tunaiandika kama "hapana".

Kosa la yote matatu ni kwamba umeyafunga maswali matatu kwenye fundo moja. Yafungue. Tuanze na kuhama, maana hapo ndipo unapojiumiza bure. Hospitali inakuhitaji wewe Dodoma, haimhitaji mtoto wala mama. Kuna tarehe ya wewe kuanza kazi, na kuna tarehe ya kaya kuhama. Unaweza kupanga chumba na kuanza kazi, familia ikafuata Januari. Mwisho wa wiki usio na zamu, treni ya umeme inakufikisha Morogoro. Hilo liwe limefikiriwa kabla ya Alhamisi, ikiwa ni pamoja na kumwuliza mama kama atabaki na mjukuu wiki hizo.

Na tarehe yako ya kuanza usiitaje kwa kubahatisha. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya 2004 inakutaka utoe notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Anayetuambia "naanza Jumatatu" huku ana mwajiri, tunajiuliza siku akituacha sisi ataondoka vipi.

Kijana, mara moja na nusu ni ya saa za ziada. Usiku ni jambo jingine: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, nyongeza ya chini kabisa kisheria ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tuseme msingi ni 780,000. Gawanya kwa 4.333 upate wiki, kisha kwa saa 45 za wiki, unapata kama 4,000 kwa saa. Asilimia 5 ni 200. Zamu yenye saa tisa za usiku ni 1,800. Nauli ya bodaboda ya usiku inaweza kuimeza yote. Kwa hiyo dada asikubali usiku mwingi kwa kudhani kuna pesa humo. Aulize hospitali inalipa kiasi gani, maana zipo zinazolipa zaidi ya hicho kiwango cha chini.

MwalimuTumbi

Poleni wote. Mimi ni mwalimu wa serikali, niliomba uhamisho wa kumfuata mwenzi wangu mwaka wa pili huu. Dada, hakikisha barua yako inapita kwa mkuu wako wa kituo kwanza, na ulizia posho ya usumbufu kabla hujafunga mizigo. Wengi tunahama kwa gharama zetu.

MezaYaUsaili

Mwalimu, pole kwa kusubiri. Yeye haombi uhamisho serikalini, anaenda kwa mwajiri mpya wa binafsi, kwa hiyo barua hiyo haimhusu. Ila umegusa gharama. Sekta binafsi asitegemee kulipiwa mizigo ya kuja, aulize. Cha kuangalia kwenye mkataba ni mahali alipoajiriwa. Pakiandikwa Morogoro na ajira ikakoma akiwa Dodoma, mwajiri anawajibika kumrudisha na mizigo yake Morogoro au kumlipa gharama hiyo. Pakiandikwa Dodoma, hilo halipo. Lakini si swali la kuulizia kwenye usaili, ni la siku ya kusoma mkataba.

Nyota_Mvita

Niko Mombasa, mapokezi hotelini, usiku ndio maisha yangu. Nina neno moja tu: mtoto usimtaje. Mwanamume akisema ana watoto wanaona ametulia, mwanamke akisema hivyo wanaona ruhusa za homa. Sema "mipango ya nyumbani nimeiweka sawa", basi.

MezaYaUsaili

Kwa Tanzania sheria inakataza kumbagua mwombaji kwa sababu ya majukumu ya familia, na mwombaji analindwa sawa na mfanyakazi. Lakini siwezi kukudanganya kwamba hakuna anayefanya hivyo kimoyomoyo. Mimi binafsi hunipa imani zaidi anayesema wazi "mtoto anabaki na bibi yake" kuliko anayezungukazunguka.

Nyota_Mvita

Wewe, sawa. Je, wale wawili waliokaa kando yako?

BintiUluguru

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimekaa na mama jana usiku, amekubali kubaki na mjukuu hadi Desemba. Nimejaribu upya, naomba mnisahihishe:

"Naweza kuanza kazi Dodoma siku 30 baada ya kupokea mkataba, kwa sababu ya notisi. Nitaanza mwenyewe, nyumba yangu itafuata Januari. Zamu za usiku nimezifanya miaka miwili: usiku nne mfululizo kisha mapumziko siku mbili. Mzunguko huo naumudu vizuri. Rosta yenu imekaaje? Kuhusu safari, Kondoa naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo hata nikiambiwa jana yake, na Singida ya kulala ningependelea nijulishwe kama siku tatu kabla, lakini nitajitahidi hata ikitokea ghafla."

MezaYaUsaili

Hapo sasa. Umeanza na unachoweza, na kila kitu kina kipimo. Swali la rosta libaki, na ongeza urefu wa zamu. Hospitali nyingine zinaenda saa kumi na mbili. Kawaida ni saa tisa kwa siku, na ili zifike kumi na mbili bila kuhesabiwa za ziada lazima muwe na makubaliano ya maandishi. Usiku nne za saa tisa na usiku nne za saa kumi na mbili ni miili miwili tofauti, na wewe umeahidi ule unaoujua.

Kipande kimoja ondoa: "nitajitahidi hata ikitokea ghafla." Hapo umeivunja siku tatu uliyoijenga mwenyewe. Wataishika hiyo "ghafla" na kuiacha siku tatu. Kama ghafla unaiweza mara moja moja, sema mara ngapi: "dharura moja kwa mwezi naweza." Kama huiwezi, ishia kwenye siku tatu.

Fundi_Minara

Hiyo "nitajitahidi" ndiyo iliyonipeleka Mpanda. Iondoe.

BintiUluguru

Mrejesho, wakubwa. Nimerudi jana kwa treni ya jioni.

Walikuwa watatu. Kuhama kulipita kwa sentensi mbili, waliuliza tu kama siku 30 zinaweza kupungua. Nikasema notisi yangu ni 28 na sitaki kuondoka vibaya nilipo. Yule mzee wa katikati akaandika kitu, sijui nini. Usiku wanaenda saa kumi na mbili, usiku tatu kisha mapumziko tatu. Nikawaambia ukweli kwamba za urefu huo sijawahi kufanya, ila tatu mfululizo ni chache kuliko nilizozoea na niko tayari kuzianza. Mtoto walimuulizia wenyewe, nikajibu yuko na bibi yake. Mama mmoja alitikisa kichwa kukubali, mwenzake hakuonyesha lolote, kwa hiyo Nyota na Meza bado sijui nani kati yenu yuko sahihi.

Lililonishtua ni la nne, ambalo hatukuliwaza. Waliuliza: "Ukiwa nyumbani umepumzika, mashine ikafa usiku, tukikupigia unakuja?" Nikasema nikiwa Dodoma nakuja, mwisho wa wiki nikiwa Morogoro siwezi. Wakauliza ni mwisho wa wiki ngapi kwa mwezi. Nikasema mbili hadi Januari. Sikuwa nimelihesabu, lilitoka tu, na sasa nalihesabu kila saa.

Kuna mwenye uzoefu wa kuitwa usiku ukiwa mapumzikoni? Inahesabiwa kama saa za ziada tangu unapopokea simu, au tangu unapofika kazini?

MezaYaUsaili

Kwetu tunahesabu kuanzia mtu anaposaini kuingia, lakini huo ni utaratibu wa kwetu, nimeona pengine wanaanza na simu. Wakikupa mkataba, soma kama kipengele hicho kimo. Kama hakimo, waombe wakiandike kabla hujasaini, na hizo mbili za mwisho wa wiki ziandikwe pia.