Friza imekufa, duka limekataa waranti. Nishtaki wapi?

BiUkwaju: Salaam aleikum wadau. Mwezi wa Februari nilinunua friza mjini kwa 38,000, ya biashara yangu ya ukwaju na barafu hapa Likoni. Kadi ina muhuri, waranti miezi 12. Mei ikawa yanguruma tu, haigandishi. Duka wamenikatalia. Nalalamika wapi?

ChaiMahamri: Nenda KEBS, bidhaa mbovu ni kazi yao.

MzeeBandari: KEBS ni wa viwango, kitu kikiwa feki au hatari. Duka likiruka ahadi yake, peleka Mamlaka ya Ushindani. Ila dada, duka limetoa sababu gani? Hiyo ndiyo kesi yenyewe.

BiUkwaju: Kiburi tu.

MzeeBandari: Hawakosi neno walilosema.

BiUkwaju: Haya. Fundi wa mtaani aliifungua akajaza gesi. Wameona mrija una kiungo kipya cha kuchomelea, na kadi yasema ikiguswa na fundi asiye wao, waranti basi. Lakini niliwaarifu kwanza wakanyamaza, na wateja wanataka barafu! Malalamiko nishayaandika, fundi sikumtaja.

Ustadh_K: Kuficha aibu ya kitu ni haramu kwa muuzaji, na kwako pia.

BintiKisauni: Mimi televisheni yangu ilizima siku ya pili ya Idi. Nilikaa pale dukani na watoto mpaka adhuhuri, wakanipa nyingine.

Kasa07: Uzi wa kutunga huu. Mara kiburi, mara fundi, sasa "niliwaarifu". Weka ushahidi.

BiUkwaju: Wallahi situngi. Picha hiyo, jina la duka nimeliziba. Mei 6 niliwaandikia WhatsApp kwamba haigandishi. Tiki mbili za buluu, jibu hakuna. Fundi alikuja Mei 14.

MzeeBandari: Mbona hili ndilo ulilolifungia kabatini! Andika upya: iliharibika lini, uliwaarifu lini, fundi aliingia lini, alifanya nini. Ukimficha, duka litamtaja lenyewe kwa picha ya mrija, na hata ujumbe wa Mei 6 hautaaminika. Na ikiwa shida yako ni kurudishiwa pesa, iko Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, madai hadi shilingi 1,000,000, na si lazima wakili. Kama hakimu atakubali kwamba ukimya wao ndio uliokusukuma kwa fundi, hilo siwezi kukuapia.

FundiMakupa: Mwambie fundi wako aandike gesi ilivujia wapi. Ikiwa ni kwenye kiungo cha kiwandani, kasoro ilikuwapo kabla ya mkono wake. Gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua imevuja. Na kama alijaza bila kutafuta tundu, itapungua tena.

BiUkwaju: Imepungua tena, kweli. Fundi amehamia Kilifi, simu hashiki. Jumamosi namfuata.

Kasa07: Basi samahani, dada. Chukua na ile mashine ikiwa bado haijaguswa tena.