Tupeane uzoefu: folda iliyofutwa kwa bahati mbaya, Trash na ile amri ya rm

Fundi Mzizima
Wakuu, heshima mbele. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta, na wateja wangu wengi nimewahamishia Ubuntu kwa sababu mashine zao ni za zamani. Mtu akija ameshika kichwa, "fundi, folda imepotea," swali langu la kwanza ni moja: uliifuta kwa mausi au kwa terminali? Wa mausi namwambia akae atulie. Wa terminali namwambia azime mashine, kisha ndiyo tuongee. Lete kisa chako: ilifutikaje, na ilirudi au haikurudi?

Mama Wawili
Mimi ni wa mausi, nashukuru Mungu. Nilifuta folda ya Hesabu nikidhani ni ile ya majaribio. Nikafungua Trash, nikabofya kulia, nikachagua Restore From Trash, ikarudi pale pale ilipokuwa ndani ya Documents. Ila kulikuwa na Hesabu mbili humo, na niliyoirudisha kwanza ilikuwa tupu! Nusura nizimie.

Fundi Mzizima
Dada, hiyo ya folda mbili inawapata wengi. Ukifuta kwa mausi, folda haifutwi. Inahamishwa tu kwenda `~/.local/share/Trash/files`, na pembeni yake, kwenye folda ya `info`, inaandikwa karatasi ndogo inayosema ilitoka wapi na lini. Ukiifungua utakuta hivi:

```
[Trash Info]
Path=/home/duka/Documents/Hesabu
DeletionDate=2024-11-08T16:42:10
```

Restore inasoma hiyo `Path` na kuirudisha folda kwao. Ikifutwa nyingine yenye jina lile lile, kwenye diski inaitwa `Hesabu.2` ili zisigongane, lakini wewe kwenye dirisha unaziona zote ni Hesabu. Kwa hiyo usibahatishe. Tumia mwonekano wa orodha, washa safu za Original Location na Trashed On, uangalie tarehe ndipo urudishe.

Kaka wa Sinza
Naongezea kwa faida ya wote. `rm` ya kawaida nayo inapeleka Trash, ile inayoua kabisa ni `rm -rf`. Hiyo `-f` ndiyo hatari.

Mtaalamu Mstaafu
Hapana kijana wangu, hapo umechanganya. `-f` inazuia `rm` kukuuliza na kulalamika, basi. Iwe na `-f` au bila `-f`, `rm` haiijui Trash kabisa. Trash ni kazi ya programu ya mafaili, na `rm` haipitii huko. Yenyewe inaliondoa jina la faili kwenye folda, na mfumo unatangaza kuwa nafasi ile iko wazi. Haibaki karatasi yoyote ya kusema kitu kilitoka wapi, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Ulichosema ni kweli sehemu moja: `-f` inakunyima ile nafasi ya mwisho ya kuulizwa. Anayetaka kuulizwa atumie `rm -ri`.

Kaka wa Sinza
Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini data si inakuwa bado ipo kwenye diski? Nimesikia hivyo.

Mtaalamu Mstaafu
Ipo kwa muda, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ila kwenye ext4, ambayo ndiyo Ubuntu wengi wanatumia, faili likifutwa ile ramani inayoonyesha vipande vyake viko wapi kwenye diski inafutwa pia. Unabaki na vipande visivyo na jina wala anwani. Na kama diski ni SSD, mfumo una kazi ya kila wiki ya kuiambia diski nafasi zipi hazina mwenyewe. Hiyo ikishapita, usitegemee kitu.

Dada Pwani
Jamani, na mimi nilifuta picha za mtoto kwenye simu, nikazikuta kwenye takataka za galari. Je, nazo zina hiyo karatasi?

Fundi Mzizima
Hiyo ni simu dada, ina utaratibu wake. Kama umezikuta, zirudishe leo leo, maana galari nyingi huzifuta zenyewe baada ya muda.

Sasa niwape kisa cha terminali, maana ndicho kilinifanya nifungue uzi huu. Kijana mmoja anatunza hesabu za duka la jumla. Alikuwa na folda mbili: `Hesabu`, ya mwaka huu, na `Hesabu zamani`. Alitaka kuondoa ya zamani, akaandika:

```
rm -r Hesabu zamani
```

Jibu likaja: `rm: cannot remove 'zamani': No such file or directory`. Akadhani amri imekataa. Kumbe ile nafasi katikati imegawa jina mara mbili. `rm` ilishamaliza `Hesabu` kimya kimya, ikaenda kutafuta `zamani` isiyokuwepo. Iliyofutwa ni ya mwaka huu, ya zamani ipo salama. Angeweka alama za kunukuu, `"Hesabu zamani"`, au angeandika herufi chache akabonyeza Tab, yasingetokea.

Bahati yake, faili la mwezi ule lilikuwa bado limefunguliwa kwenye LibreOffice. Nikamwambia kwa simu asilifunge, achague Save As, alihifadhi kwenye flashi. Hilo likapona zima. Kisha azime.

Mashine ilikuwa na diski ya kuzunguka, si SSD. Nikaiwasha kwa flashi ya Ubuntu ili diski yenyewe isiandikwe kitu, nikachomeka diski nyingine ya nje ya kupokea, nikaendesha PhotoRec. Hiyo haitafuti majina, inatafuta mwanzo wa faili unavyofanana. Ikaleta mafolda ya `recup_dir.1`, `recup_dir.2` na kuendelea, yamejaa vitu vinavyoitwa `f` na tarakimu ndefu. Tuliomba itafute mafaili ya jedwali tu, bado yakaja mengi, pamoja na ya zamani aliyokwisha kuyafuta mwenyewe. Tukakaa kufungua moja moja kutazama ni mwezi gani. Mengine yalifunguka, mengine LibreOffice ikasema yameharibika. Miezi iliyokosekana aliipata kwa mhasibu, alikuwa amemtumia kwa barua pepe.

Mwenye Saiba
Kwangu ni flashi. Mteja analeta flashi inasema imejaa na ndani haina kitu. Kama alifutia kwenye Ubuntu, nabonyeza Ctrl+H, inatokea folda ya `.Trash-1000`, mali zake zote zimo humo. Ila aliyefutia flashi kwenye Windows ni habari nyingine. Vitu vya flashi haviendi Recycle Bin, Windows inauliza kama unataka kufuta moja kwa moja, na watu wanabonyeza Yes bila kusoma. Shift+Delete nayo ni hivyo hivyo, hata kwenye diski ya ndani.

Kaka wa Sinza
Basi dawa ni hii: unaweka trash-cli, halafu kwenye `.bashrc` unaandika `alias rm='trash-put'`. Umemaliza.

Mtaalamu Mstaafu
Trash-cli nzuri, `trash-list` na `trash-restore` nazitumia. Lakini hiyo alias siipendi. Ukizoea kuandika `rm` bila woga, siku utakayokuwa kwenye seva ya mtu isiyo na alias utalia. Afadhali uzoee kuandika `trash-put` yenyewe.

Kaka wa Sinza
Mzee, mimi seva za watu siziendi. Alias yangu inabaki.

Kijana wa Mtwapa
Wazee shikamooni. Yangu ni SSD, nimefanya `rm -r` jana usiku, na leo nimeitumia kidogo kuingia mtandaoni kutafuta suluhisho. Nizime sasa au nimeshachelewa?

Fundi Mzizima
Marahaba. Zima sasa hivi, tumia simu kuendelea hapa. Kabla sijakwambia lolote: uliyofuta ni nini, na kuna yeyote uliyewahi kumtumia?