Matete kilo 60, pumba kilo 5, maziwa lita 7: hesabu yangu imekosea wapi?

Zizi la Tukuyu: Habari wakuu. Nina chotara wa Friziani, uzito kama kilo 400, amezaa miezi miwili iliyopita. Kwa siku namwekea matete mabichi kilo 60 na pumba za mahindi kilo 5. Matete nasikia yana protini asilimia 9, kwa hiyo hapo tu nina kilo 5.4, na mahitaji yake hayafiki hata kilo 2. Mbona havuki lita 7 wakati uzao uliopita alifika 12? Hajakonda, ananawiri kabisa.

Mchanganyaji: Pumba peke yake haitoshi, mkuu. Pumba ina protini 11, mashudu ya alizeti 26, nawe unataka mchanganyiko wa 16. Chora mraba, namba unayotaka iwe katikati, kisha toa kwa mshazari: 26 toa 16 ni sehemu 10 za pumba, 16 toa 11 ni sehemu 5 za mashudu. Changanya mbili kwa moja, umemaliza.

Bwana Malisho: Hajamaliza. Huo mraba unapanga protini ya mchanganyiko tu, haujui ng'ombe amekula majani gani. Zizi, matete unayakata yakiwa na urefu gani, na asubuhi horini hubaki kiasi gani?

Zizi la Tukuyu: Yamenipita kichwa. Hubaki mashina, nilipima jana, kilo 22.

Bwana Malisho: Basi kosa limeonekana. Asilimia za protini huhesabiwa kwenye chakula kikavu, baada ya kutoa maji. Anakula kilo 38, na matete marefu hivyo yana ukavu kama asilimia 20, yaani kilo 7.6. Tena yakikomaa protini hushuka hadi kama 6, kwa hiyo unapata gramu 456. Pumba kilo 5 ni kavu kilo 4.5, gramu 495. Jumla 951.

Kujitunza mwili tu kunakula kama gramu 350, na kila lita kama 85. Zinazobaki, 601, zinatoa lita 7. Ndizo unazokamua.

Sasa nguvu. Matete hayo yana megajuli 7 kwa kilo kavu, pumba 11.5, jumla kama 105. Toa 48 za mwili, gawa kwa 5 kwa lita: zinatosha lita 11. Nguvu inayozidi protini inaishia mwilini, ndiyo maana ananawiri.

Mchanganyaji: Si ndiyo nimesema aongeze mashudu?

Bwana Malisho: Umesema kweli nusu. Tumbo lake linabeba kavu kama kilo 12, asilimia 3 ya uzito, na tayari limejaa. Mashudu yaingie pumba ikitoka. Kwa matete haya, ukipandisha protini hadi ya lita 12, nguvu inashuka na kuishia lita 10 hivi. Dawa ianzie shambani: kata yakifika mita moja hivi. Kilo 45 za hayo ni kavu kilo 8.1, megajuli 65, protini gramu 730. Lita 12, pamoja na mwili, zinataka megajuli 108 na protini gramu 1,370. Upungufu unazibwa na pumba kilo 2.8 na mashudu kilo 1.5, yakipimwa kama yalivyo kwenye gunia. Gawa mara mbili, wakati wa kukamua, na badilisha polepole kwa siku kumi. Chumvi ya madini isikosekane, kwa kuwa pumba ina kalsiamu kidogo.

Mama Ndama: Mimi wangu nampa pumba kilo 9 kwa mkupuo, majani machache, kinyesi uji wenye povu na maziwa mepesi. Nami niongeze mashudu?

Bwana Malisho: Hapana mama, wako anakosa nyuzinyuzi. Majani yasipungue nusu ya kavu yote, na yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Yakisagwa kama vumbi hacheui, mate hayatoki, tumbo linachachuka. Wakiwa wamepumzika, zaidi ya nusu ya zizi wawe wanacheua. Anza leo kupunguza pumba, taratibu, na akigoma kula mwite daktari wa mifugo.

Mchanganyaji: Lakini mashudu yenye maganda yana nyuzinyuzi nyingi, si yanasaidia?

Bwana Malisho: Kwenye karatasi, ndiyo. Mdomoni ni unga.

Zizi la Tukuyu: Nimeelewa. Ila mashudu ya huku yamejaa maganda, nitajuaje ni 26 kweli?

Bwana Malisho: Kwa macho huwezi. Yenye maganda mengi huweza kuwa chini sana ya hapo, na yenye ukungu usinunue hata bure, sumu yake hupita kwenye maziwa. Peleka sampuli maabara, au badilisha gunia na upime maziwa kwa wiki mbili.

Mama Ndama: Na lukina badala ya mashudu?

Mchanganyaji: Inanyonyoa manyoya hiyo!

Bwana Malisho: Ikizidi. Chini ya theluthi ya kavu wengi wanalisha, ila hesabu yake ni nyingine, matete lazima yapungue. Zizi, wewe una lukina kiasi gani?