Tupeane uzoefu: kusoma mediani na pasentaili kwenye ojivu iliyopigwa picha kitabuni

Baba Neema: Leo binti yangu wa kidato cha nne kaletewa kwenye Wotsapu picha ya ukurasa wa takwimu, ojivu, yaani mkunjo wa idadi iliyolimbikizwa, ya alama za wanafunzi 80. Yeye na wenzake wawili wameisoma picha hiyo hiyo. Mediani zao zimekaribiana, lakini kwenye pasentaili ya 90, ile alama ambayo asilimia 90 ya wanafunzi wako chini yake, mmoja ana 72, mwingine 75, wa tatu anasema haisomeki. Nimekumbuka enzi zetu, kitabu kimoja darasa zima. Nani amepitia haya? Tupeane uzoefu.

Kibwana wa Tanga: Sote tumepitia hapo, ndugu yangu.

Mwl. Chaki: Nimefundisha hesabu muda mrefu na hili linanigusa. Mwaka mmoja shuleni kwetu vitabu havikutosha, mwalimu mwenzetu akapiga picha ya ukurasa, akaichapisha na kuwagawia vijana kwenye jaribio. Kitabu kilikuwa kinene, hakikulala vizuri, na simu ilishikwa kwa mshazari. Ukiitazama ile karatasi haraka ilikuwa safi kabisa. Lakini miraba ya upande wa kushoto, karibu na pale kurasa zinaposhonwa, ilikuwa imebanana, ya kulia imetanuka, na mistari ya mlalo ilikuwa inapanda kuelekea kulia. Vijana wakafanya walivyofundishwa: wakaweka rula sawa na ukingo wa karatasi, wakavuta mstari hadi kwenye mkunjo, wakashuka chini. Wale wenye mikono makini ndio walioumia zaidi, maana waliufuata ukingo wa karatasi kwa uaminifu na kuiacha gridi. Tulipokaa kusahihisha tulikuta majibu ya kila aina. Kijana mmoja wa kuaminika alilia mbele ya meza yangu akiuliza amekosea wapi. Hakukosea chochote. Karatasi ndiyo ilikuwa mbovu, na swali lile tulilifuta.

Zuhura K: Pole yake huyo kijana. Inauma.

Dereva wa Namba: Dawa ni ndogo tu. Pigeni picha upya, simu iwe juu moja kwa moja, basi.

Mwl. Chaki: @Dereva ukiwa na kitabu, sawa. Aliyetumiwa picha usiku kitabu atakitoa wapi?

Mama Junior: Samahani, kwa hiyo pasentaili zinasomwa vibaya namna hii? Mimi nina picha ya chati ya ukuaji ya mwanangu tuliyoonyeshwa kliniki, nukta yake iko chini ya mstari ulioandikwa 3. Nilikaa usiku kucha nikijua mtoto amepata asilimia 3 ya uzito anaotakiwa kuwa nao. Nililia mpaka mume wangu akaamka. Sasa mnaniambia picha inaweza kudanganya?

Zuhura K: Jamani! Mtoto anaendeleaje?

Kibwana wa Tanga: Mrudishe kliniki kesho, dada.

Dereva wa Namba: Mpe uji wa lishe, achana na chati.

Nesi Pwani: Mama Junior, tulia kwanza. Mstari wa 3 hauna maana kwamba ana asilimia 3 ya uzito. Maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wenye afya wa umri na jinsia yake, kama 3 hivi ndio walio chini ya mstari huo. Tena hiyo si grafu wanayoizungumzia hapa. Kwenye chati yako umri uko chini, uzito uko pembeni, na kila mkunjo ni pasentaili iliyokwisha kuchorwa. Kwenye ojivu mkunjo ni mmoja, pasentaili unaitafuta mwenyewe. Ila mtoto aliye chini ya mstari ule anahitaji kupimwa tena, na tunaangalia nukta za miezi kadhaa kama zinapanda au zimelala. Nenda na kadi yenyewe, si picha.

Mama Junior: Asante sana dada. Nukta zinapanda, ila polepole. Nitaenda Jumatatu.

Baba Neema: Mungu amsimamie. Tukirudi kwa binti yangu: hiyo 72 na 75 nani yuko sahihi? Jedwali liko juu ya grafu: 20–29 wako 4, 30–39 wako 10, 40–49 wako 18, 50–59 wako 24, 60–69 wako 14, 70–79 wako 7, 80–89 wako 3.

Kaka Grafu: Mediani ni mtu wa katikati, kwa hiyo unachukua 80 jumlisha 1, gawa kwa 2, ni 40.5. Wengi hukosea hapo.

Mwl. Chaki: Hapana, kaka. Hiyo ni ya orodha ya namba moja moja. Kwenye ojivu unapanda hadi nusu ya jumla, yaani 40.

Kaka Grafu: Nilifundishwa hivyo na nilifaulu.

Mwl. Chaki: Sikatai. Kwa 40 jedwali linakupa 52.8, kwa 40.5 linakupa 53.0. Jicho halioni tofauti hiyo kwenye grafu, kwa hiyo tusigombane. Baba Neema, kinachowagawa vijana wako kiko kwingine. Limbikiza: 4, 14, 32, 56, 70, 77, 80. Nukta zinawekwa kwenye mpaka wa juu wa kila kundi: 29.5, 39.5, kuendelea hadi 89.5. Pasentaili ya 90 ni asilimia 90 ya watu 80, yaani mtu wa 72. Mraba mdogo pembeni una thamani gani?

Baba Neema: Watu 2.

Mwl. Chaki: Basi 72 ni mraba mdogo mmoja juu ya mstari wa 70. Jedwali linatoa 72.4. Sasa picha ikiinama na mstari wako ukapanda mraba mmoja, unasoma mtu wa 74, na jibu linaruka hadi 75.2. Kosa hilo hilo kwenye mediani, ukasoma 42 badala ya 40, linakutoa 52.8 hadi 53.7 tu. Katikati mkunjo umesimama wima, juu umelala. Ndiyo maana mediani zao zinakaribiana na pasentaili ya 90 imewagawa. Mwenye 75 ninahisi aliufuata ukingo wa picha.

Zuhura K: Kwa hiyo afanyeje na picha hiyo hiyo?

Mwl. Chaki: Aikuze picha, aanze na namba iliyoandikwa pembeni, kisha aufuate mstari ule ule wa gridi mraba kwa mraba mpaka akutane na mkunjo, hata kama unapinda. Kushuka vilevile. Kilicho katikati ya mistari miwili akikadirie kwa mistari hiyo miwili tu, asipime kwa rula kutoka mwanzo wa mhimili. Bora zaidi, asome zile nukta saba, azichore upya kwenye karatasi yake ya grafu.

Kaka Grafu: Azichore kwa rula au kwa mkono? Kwa rula atapata 72.4 yako, kwa mkunjo laini atapata nyingine kidogo.

Mwl. Chaki: Hapo una hoja. Mimi huwaambia vijana mkunjo laini, na nakubali jibu lililo karibu.

Kaka Grafu: Karibu kiasi gani? Mwalimu wetu alikuwa hakubali hata alama moja pembeni.

Kibwana wa Tanga: Swali langu: picha yangu imekatwa juu, mkunjo unaishia 60 na bado unapanda. Jedwali halipo. Nasomaje mediani?

Mwl. Chaki: Husomi, Kibwana. Bila jumla hujui nusu ni ngapi. Mwombe aliyekutumia akupigie ukurasa mzima.

Kibwana wa Tanga: Amezima simu.