Tupeane uzoefu: ekstenda ya waifai inayokatika au kusuasua wakati ruta kuu haina tatizo

Mkazi wa Bwiru

Jana usiku jirani yangu alibisha hodi akiwa na simu mkononi, akaniuliza kwa nini ekstenda aliyoinunua juzi inampa vijiti vyote vya mtandao ilhali video haifunguki. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa maana mimi mwenyewe niliteseka na jambo hilo kwa miezi mitatu.

Nyumba yangu, kama nyingi za huku mlimani, imekaa katikati ya majabali. Ruta ipo sebuleni, na chumba ninachofanyia kazi kipo chini ya mteremko, takribani mita 18 kutoka sebuleni, nyuma ya ukuta wa mawe. Niliichomeka ekstenda ndani ya chumba hicho hicho, kwa kuwa ndiko mtandao ulikokosekana. Kando ya ruta nilikuwa napata 22 Mbps, na chumbani 2 Mbps, tena kwa kukatikakatika. Nililaumu watoa huduma hadi siku nilipofungua ukurasa wa ekstenda yenyewe na kuona kwamba inaipokea ruta kwa -82 dBm, ishara dhaifu mno, maana kadiri namba hiyo inavyokaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo na nguvu. Hapo nikaelewa kuwa vijiti vya simu vilikuwa vinanieleza umbali kati ya simu na ekstenda, ambao ulikuwa hatua mbili, na havikusema lolote kuhusu hali ya ekstenda na ruta.

Niliihamishia kwenye dirisha la korido, mita tisa kutoka ruta, mahali ambapo inaliona bonde na chumba changu kwa pamoja. Kipimo kikawa -61 dBm, na chumbani nikapata 9 Mbps. Kukatika kukaisha. Ninachoshindwa kuelewa hadi leo ni zile Mbps 13 nyingine zilikopotelea. Karibuni mseme yenu.

Kona ya Nyegezi

Vijiti vya simu ni mashahidi wa uongo. Nimekula hasara hiyo hiyo.

Mama Wawili, Igoma

Samahani kwa kuingilia. Yangu hufanya kazi vizuri kuanzia tarehe mosi hadi karibu tarehe 20, kisha inakuwa nzito kila mahali, hata kando ya ruta. Je, ekstenda inaweza kuongeza kifurushi?

Kona ya Nyegezi

Dada, hicho ni kifurushi kimefika kikomo. Ekstenda haina hatia katika kesi yako.

Mzee wa Pasiansi

Bwana wa Bwiru, ushauri wangu ni mwepesi. Nunua ekstenda yenye antena nne, kisha uipe chaneli tofauti na ya ruta ili zisigongane. Ruta ikiwa chaneli 1, ekstenda iwe 11. Mimi nilifanya hivyo na mambo yakanyooka.

Fundi Waya

Shikamoo, mzee. Umesema nusu ya kweli, naomba niimalizie. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana katika bendi ya 2.4 GHz, na kwa ruta mbili zilizounganishwa kwa waya ushauri wako ni sahihi kabisa. Lakini ekstenda ya bendi moja ina redio moja tu, na redio hiyo hiyo ndiyo inayoisikiliza ruta. Ukiilazimisha ikae chaneli 11 wakati ruta ipo 1, haitaisikia tena. Ndiyo maana kwenye ekstenda nyingi sehemu ya `Channel` haibadiliki, bali hufuata ruta. Nashuku kwamba yako imevutwa kwa waya.

Hapo ndipo zilipopotelea zile 13 za ndugu wa Bwiru. Kumbukeni mikutano ya injili pale Furahisha, mhubiri anapotoka nje ya nchi. Anasema sentensi moja, ananyamaza, mkalimani anairudia, ndipo anaendelea. Hakuna neno lililopotea, ila mahubiri ya nusu saa yanachukua saa nzima. Ekstenda ya redio moja ndivyo inavyofanya kazi: kila kitu kinapita hewani mara mbili katika chaneli ile ile, hivyo kasi hupungua kwa takribani nusu hata pale ambapo umeiweka mahali pazuri. Antena nne haziondoi jambo hilo.

Kama ekstenda yako ina bendi mbili, ingia kwenye mipangilio uiambie ipokee kutoka kwenye ruta kwa 5 GHz na igawe kwa simu kwa 2.4 GHz. Hapo mhubiri na mkalimani wanazungumza kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kipaza sauti chake. Sharti ni kwamba 5 GHz iwe inaifikia ekstenda kwa nguvu, kwani bendi hiyo huchoka haraka ikikutana na ukuta. Ikifika chini ya -70 dBm, ni heri ubaki na 2.4 kwa pande zote mbili.

Mzee wa Pasiansi

Marahaba. Ni kweli kuna waya. Kijana wangu ndiye aliyeuvuta, sikuona kuwa ni jambo la kutaja.

Mwalimu wa Buswelu

Nimesoma haya nikitetemeka, kwa sababu yangu ilinikuta siku ambayo sitaisahau.

Nilikuwa natetea pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, saa nne asubuhi. Nilikaa kwenye chumba cha uani, maana ndani kulikuwa na watoto. Ekstenda ilikuwa juu ya kabati la chumba hicho, na kwa wiki nzima niliijaribu kila jioni bila tatizo lolote. Siku hiyo nilianza vizuri, nikafika ukurasa wa tatu, kisha nikasikia mlio ambao kila mkazi wa Buswelu huufurahia: maji yametoka. Mume wangu akawasha pampu, tanki likaanza kujaa. Kadiri lilivyojaa, nyuso za wale wahadhiri zikaanza kuganda, sauti zikawa kama za watu waliozama ziwani, na profesa alipouliza swali lake la kwanza nikasikia neno moja tu, "sampuli". Niliendelea kujibu kuhusu sampuli kwa dakika nne nzima. Niliporudi hewani waliniambia kwamba walikuwa wameuliza kuhusu bajeti.

Nilifaulu kwa masharti, lakini ile aibu bado ninayo. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba majaribio yangu yote ya jioni niliyafanya siku ambazo maji hayakutoka. Tanki letu la lita 3,000 limesimama kwenye kichanja kifupi, katikati kabisa ya dirisha la sebule, ambako ruta ipo, na kabati lile. Sasa ninaulizwa nyumbani kama nina akili timamu ninaposema kwamba maji yanakata intaneti.

Kona ya Nyegezi

Mwalimu, kuanzia leo nakuombea ukame.

Fundi Waya

Una akili timamu kabisa. Maji hunyonya mawimbi haya vibaya sana, na tanki lililojaa ni ukuta wa maji wenye unene wa zaidi ya mita moja. Tanki tupu ni plastiki tu, ambayo mawimbi huipita bila shida.

Mzee wa Pasiansi

Hapana, hapo sikubaliani. Kosa ni la pampu. Pampu ikiwaka umeme hushuka, taa hufifia, na kifaa kidogo kama ekstenda huzimika na kuwaka upya. Nimeliona kwa macho yangu.

Fundi Waya

Mzee, hilo nalo hutokea, na linaweza kuthibitishwa bila ubishi. Mwalimu afungue ukurasa wa ekstenda na atazame `Uptime`. Kama ilizimika pampu ilipowaka, hesabu itakuwa imeanza upya. Kama inaendelea tangu juzi, pampu haihusiki. Pia apime usiku tanki likiwa limejaa na pampu imezimwa. Wakati wa kupima, afungue kompyuta ya Windows chumbani na kuacha amri hii ikiendelea:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Hiyo ni anwani ya ruta kwa nyumba nyingi. Majibu yakirukaruka kutoka 4 ms hadi 600 ms, au yakikosekana, tatizo lipo humo ndani ya ua, na mtoa huduma hajahusika bado.

Muuza Spea, Kirumba

Mnazunguka sana. Ekstenda zote ni takataka. Vuteni waya mtulie.

Kona ya Nyegezi

Wewe si ndiye unayeuza waya?

Muuza Spea, Kirumba

Nauza waya na ekstenda pia, na wanaorudisha mzigo ni wa ekstenda. Nimesema kwa faida yenu. Asiyetaka aendelee kuhamisha tanki.

Mpangaji, Ilemela

Mimi sikuwa na tanki wala jabali. Yangu ilikatika kila umeme uliporudi. Ruta yangu ilikuwa imewekwa `Auto` upande wa chaneli, kwa hiyo kila ilipowaka upya ilichagua chaneli nyingine, na ekstenda, ambayo huwaka haraka kuliko ruta, ilitafuta pale ilipozoea, ikakosa, ikabaki na taa nyekundu hadi niichomoe na kuichomeka tena. Nilipoifunga ruta kwenye chaneli 6 na upana wa 20 MHz, tatizo lilikwisha. Imebaki upande wa 5 GHz tu, ambao hupotea kwa dakika moja hivi, mara mbili au tatu kwa wiki. Nipo karibu na uwanja wa ndege. Kuna aliyeniambia ni rada.

Fundi Waya

Ruta yako ipo chaneli ngapi katika 5 GHz? Ikiwa ni kati ya 52 na 144, kanuni zinailazimu kuhama ikihisi rada, na katika nyingi ya chaneli hizo inapaswa kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ekstenda hubaki yatima muda huo wote. Iweke kati ya 36 na 48 uone. Wakati mwingine ruta hudhani tu kuwa imesikia rada, kwa hiyo sitaapa kuhusu uwanja wa ndege.

Mpangaji, Ilemela

Ilikuwa 100. Nimeiweka 44 sasa hivi. Nitarudi baada ya wiki mbili.

Mkazi wa Bwiru

Nimefuata ushauri wa Fundi. Ekstenda ipo pale pale dirishani, inapokea kwa 5 GHz kwa -64 dBm na kugawa kwa 2.4. Chumbani ninapata 17. Yule jirani amechukua kiti yupo hapa kwangu, anasema hataki tena kurekebisha yake.

Mwalimu wa Buswelu

Nimepima. `Uptime` inasoma siku sita, na pampu imewashwa mara mbili ndani ya siku hizo. Jana saa tatu usiku tanki lilikuwa limejaa na pampu imezimwa, kipimo kilikuwa -84 dBm. Leo asubuhi, baada ya kufua na kuogesha watoto, maji yameshuka chini ya nusu na kipimo ni -66, bila kugusa kitu kingine chochote.

Mzee wa Pasiansi

Sawa. Lakini na pampu uiangalie.

Mwalimu wa Buswelu

Nitaiangalia, mzee wangu. Kichanja kimejengewa kwa saruji, kwa hiyo mume wangu amesema wazi kwamba tanki haliendi popote. Nimeihamishia ekstenda kwenye dirisha la jikoni, ambako inaliona tanki kwa pembeni, na naona -68 hata likiwa limejaa. Ndugu wa Kirumba, waya wa mita 30 unaofaa kupita nje, juani, unauza kiasi gani?