Nimelipa hoteli Dubai kwa shilingi, mwenzangu kwa dirhamu, tumekatwa tofauti. Nani kakosea?

Bi_Ngamiani: Wakuu habari za usiku. Niko Tanga, nimerudi juzi kufuata mzigo wa mitandio. Hoteli Deira ilikuwa dirhamu 1,200 kila mtu. Mimi na shoga yangu tuna kadi za benki moja. Mashine iliponiletea AED 1,200.00 na TZS 900,000.00 nikabonyeza shilingi, maana ndiyo hela ninayoijua. Yeye akabonyeza dirhamu, akakatwa 873,000. Benki imeniibia?

Kaole_Mtulivu: Dada, kwenye shilingi unajua unachokatwa palepale. Kwenye dirhamu unangoja meseji kama matokeo ya mtihani. Mimi kila siku nachagua shilingi.

Mzee_wa_Raskazone: Kaole, kujua bei mapema ni kweli, ila hiyo bei kaipanga nani? Bi Ngamiani, gawa 900,000 kwa 1,200: dirhamu moja umeuziwa 750. Mwenzako, makato ya benki yakiwemo, ni 727.5. Ulipobonyeza shilingi, aliyebadilisha hela ni mwenye mashine na kampuni yake, wakajiwekea faida yao. Ulipoacha dirhamu, inabadilishwa na mtandao wa kadi pamoja na benki yako. Angalia risiti, kiwango cha kubadilishia kimeandikwa, na mara nyingi asilimia waliyoongeza pia.

Mama_Chumbageni: Kadi za nje siziamini mimi. Mwanangu yuko Muscat, namtumiaje hela ya ada?

Mzee_wa_Raskazone: Mama, hilo fungulia uzi wake, tutakuja.

Bi_Ngamiani: Lakini mzee, kuna hela nyingine ndogo imekatwa baadaye, 9,000. Si nililipa kwa shilingi?

Mzee_wa_Raskazone: Ndiyo inayouma. Baadhi ya benki hukata ada ya muamala wa nje kwa sababu duka liko nje, hata kama risiti ni ya shilingi. Kama 9,000 ndiyo hiyo, tofauti yenu imefika 36,000. Waulize tawini, mimi makato ya benki yako siyajui.

Kaole_Mtulivu: Basi ATM je? Istanbul iliniandikia "Decline conversion", nikaogopa hela haitatoka, nikakubali.

Mzee_wa_Raskazone: Hapo ndipo wanapowapata wengi. Ukibonyeza hiyo unakataa kiwango chao tu, lira zinatoka kama kawaida.

Bi_Ngamiani: Na kijana wa kaunta akibonyeza mwenyewe bila kuniuliza?

Mzee_wa_Raskazone: Kuchagua ni haki yako, sheria za Visa na Mastercard zinasema hivyo. Usiondoke kaunta. Mwambie afute muamala, achanje upya kwa dirhamu. Ukisubiri urudishiwe wiki ijayo, shilingi zinaweza kurudi kwa kiwango kingine, pungufu.

Dola_Tupu: Kadi yangu ni ya akaunti ya dola na mashine inaniletea shilingi. Hapo je?

Mzee_wa_Raskazone: Mashine imeona kadi ya Tanzania tu, akaunti haiioni. Ukikubali, dirhamu inageuzwa shilingi, kisha shilingi inageuzwa dola. Unakatwa mara mbili.

Bi_Ngamiani: Risiti nimeipata kwenye mkoba, imefifia ila inasomeka: Markup 6%. Jumatatu niko benki kuulizia ile 9,000.