Nimepewa barua ya kujieleza: barabara ilikatika na simu haikushika, bosi anasema ujumbe wake ulinifikia

Nyota_ya_Jioni:
Wakuu, naomba msaada, muda wenyewe ni mfupi. Mwisho wa wiki nilikwenda kwa wazazi, nikitegemea kuondoka Jumatatu alfajiri niingie kazini kama kawaida. Usiku wa Jumapili mvua ikapiga bila kukatika. Asubuhi gari tulilopanda likafika kwenye kalavati na kukuta maji yamelibeba pamoja na kipande cha barabara. Tukageuza. Njia ya pili inavuka mto uleule, nayo ilikuwa haipitiki. Nimefika kazini Jumatano.

Ila simu ndiyo imeniponza kuliko barabara. Nilipiga kwa msimamizi ikakata yenyewe, nikatuma meseji ikaandika haijatumwa. Jumatatu jioni yeye akaniandikia WhatsApp "Uko wapi?", na kwake zikatokea tiki mbili saa 1:40 usiku. Mimi ujumbe huo nimeuona Jumanne asubuhi nilipopanda kilimani kutafuta mtandao, nikajibu hapohapo. Sasa nina barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya saa 48: kutofika kazini, na kutotoa taarifa. Wameandika kabisa kwamba ujumbe ulinifikia nikakaa kimya. Nijieleze vipi nisionekane natunga?

Haraka_Haraka:
Pole sana. Nenda kampuni ya simu wakupe barua kwamba mnara ulizima, na kiongozi wa eneo akuandikie kuhusu barabara. Ambatisha zote mbili, kesi imeisha.

MzeeWaFaili:
Haraka, barua ya kiongozi wa eneo inafaa, hiyo naunga mkono. Ya kampuni ya simu atahangaika bure, saa 48 zitakwisha akiwa kwenye foleni. Hata orodha ya simu alizopiga, kwa kawaida huonyesha zilizounganishwa tu. Zile zilizokwama, ambazo ndizo anazozihitaji, atazikuta kwenye simu yake mwenyewe.

Nyota, nimeshughulikia mafaili ya watumishi miaka mingi, nikuambie barua hizi huanguka wapi. Umeulizwa maswali mawili, na watu wengi hujibu moja. Wanaandika ukurasa mzima wa mafuriko, halafu mwishoni "na mtandao haukuwepo". Kwenye barabara hakuna atakayebishana nawe sana, picha ipo na wasafiri wenzako wapo. Shtaka zito ni la ukimya, lijibu peke yake.

Na usithubutu kuandika "mtandao haukuwepo kabisa". Msimamizi ana tiki mbili za saa 1:40 usiku mkononi. Ukisema haukuwepo kabisa, sentensi hiyo moja itawafanya watilie shaka hata kalavati. Andika kilichotokea: mtandao ulikuwa unakuja na kupotea.

Fundi_Minara:
Niongezee hapo kwenye tiki. Tiki mbili za kijivu maana yake simu imepokea ujumbe. Hazisemi kwamba mwenye simu ameusoma. Mtandao ukirudi hata kwa sekunde chache, simu iliyo mfukoni au juu ya kabati inauvuta ujumbe yenyewe, na kule kwa mtumaji tiki ya pili inatokea. Mwombe msimamizi kwa adabu aubonyeze ujumbe wake kwa muda, afungue maelezo yake. Ataona muda wa kufika na muda wa kusomwa, kila mmoja na saa yake. Kama hukuzima taarifa za kusoma, hiyo ya kusomwa itaonyesha Jumanne.

Halafu wale wanaosema "mbona alama za mtandao zilikuwa zimejaa": zile zinaonyesha tu jinsi simu inavyousikia mnara. Mnara wenyewe unaweza kuwa umepoteza mawasiliano na minara mingine, kwa sababu mingi huunganishwa kwa mawimbi ya redio na mvua kubwa huyadhoofisha. Au umeme umekatika, betri za mnara zimekwisha, watu wote wamehamia mnara wa jirani na umeelemewa. Alama unaziona, hakuna kinachopita.

Dada_Tulivu:
Mimi mwaka jana nilikatwa mshahara kwa sababu ya umeme, nafanyia kazi nyumbani. Nilipeleka picha za taa zimezima, wakasema giza ni giza, wamejuaje ni siku hiyo? Mpaka leo nina kinyongo. Nunua betri ya akiba dada.

MzeeWaFaili:
Dada Tulivu, yako ni nyingine kidogo, ila umegusa jambo. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha hupoteza taarifa zake za ndani, zikiwemo tarehe na mahali. Nyota, picha za kalavati zitume kama hati, au nenda na simu waone picha halisi. Ile meseji iliyokwama usiifute, na usibonyeze kuituma tena, simu nyingi zitaiandika muda mpya na ushahidi umekwenda. Piga picha ya skrini leo, pamoja na ukurasa wa simu ulizopiga zikakatika.

Kisha andika kwa saa. Mfano wake, wewe utaweka saa zako kutoka kwenye simu:

"Jumatatu saa 11:30 alfajiri nilipanda gari kuja kazini. Saa 12:15 tulikuta barabara imekatika kwenye kalavati, picha nimeambatisha. Saa 12:20 nilimpigia msimamizi, simu haikuunganishwa. Saa 12:24 nilimtumia meseji, haikutoka. Mtandao uliendelea kuja na kupotea. Ujumbe wake wa Jumatatu jioni niliusoma Jumanne saa 2:05 asubuhi, nikaujibu saa 2:07."

Simu ikiandika 06:15, hiyo ni saa 12:15. Chagua mtindo mmoja uende nao mpaka mwisho. Nimewahi kuona barua ambayo mtu amepanda gari baada ya kufika.

Mkaidi77:
Samahani, mimi ningekuwa bosi ningeuliza: kati ya saa 12:24 asubuhi na Jumanne ulifanya nini? Kujaribu mara moja asubuhi halafu kulala siku nzima si kutoa taarifa. Kilima hicho hukukijua Jumatatu?

Nyota_ya_Jioni:
Mkaidi, swali zuri japo linauma. Jumatatu mchana mvua ilikuwa bado inanyesha na njia ya kilimani ni utelezi mtupu, wazee walinikataza. Jioni nilijaribu tena kupiga kutoka nyumbani, zimo kwenye simu. Niliomba na simu ya jirani wa laini nyingine, nayo haikushika.

MzeeWaFaili:
Hayo ndiyo ya kuandika! Laini nyingine kutoshika lina uzito, maana linaonyesha tatizo halikuwa simu yako. Mwombe jirani akuandikie mistari miwili na sahihi yake. Na utelezi uutaje kwa sentensi moja, usiutetee sana.

Haraka_Haraka:
Na awaombe radhi?

MzeeWaFaili:
Kwa usumbufu, ndiyo. Kwa "kutotoa taarifa", hapana. Akiomba radhi kwa hilo amekubali shtaka.

Mkaidi77:
Hapo sikubaliani nawe mzee. Bosi wengine bila neno "samahani" hawasomi zaidi.

Nyota_ya_Jioni:
Nimeandika, ukurasa mmoja. Radhi nimeweka ya usumbufu tu. Msimamizi amefungua maelezo ya ujumbe mbele yangu, muda wa kusomwa ni Jumanne kweli, akasema atapeleka juu. Ila ameniambia siku nilizokosa huenda zikakatwa kwenye likizo. Hilo wana haki nalo?

MzeeWaFaili:
Angalia mkataba wako na kanuni za kazini kipengele cha likizo ya dharura, kila mwajiri ana yake. Kabla ya kusaini fomu yoyote ya likizo, waombe wakuandikie wanazikata kwa kipengele gani.